Nilisema "kama yeye", mwenendo wa kesi ukaandikwa "nilimtambua". Kijana amefungwa miaka 30

ShahidiWaPili (mwanzisha uzi)

Habari za leo wakuu. Naomba mnisome mpaka mwisho, hili jambo linaninyima usingizi.

Mwaka 2019 niliitwa kutoa ushahidi mahakama ya wilaya, huku Kanda ya Ziwa. Kesi ya unyang'anyi wa kutumia silaha. Walivamia nyumba niliyokuwa nimepanga, wakamjeruhi mwenye nyumba kwa panga, wakachukua pesa na simu. Mmoja alisimama mlangoni kwangu. Nilipoulizwa nilimwona nani, jibu langu nalikumbuka: "Nilimwona kama yule kijana wa jirani, kulikuwa na kibatari mezani." Nilisema Kiswahili, wote mle ndani walizungumza Kiswahili, hakimu akawa anaandika kwa mkono.

Kijana alihukumiwa miaka 30. Rufaa yake ya kwanza Mahakama Kuu ilitupwa kwa kasoro ya notisi, sasa imefunguliwa upya. Mwezi uliopita mama yake alikuja kwangu na makaratasi ya mwenendo, yote Kiingereza, akaomba mwanangu aliye chuo amsomee. Kufika kwenye ushahidi wangu mwanangu akasoma, nikamwambia rudia. Kwa Kiswahili ni hivi: "Nilimtambua mshtakiwa kwa mwanga wa taa. Ninamfahamu, ni jirani."

"Kama" haipo. Kibatari kimekuwa taa. Na yule mama alikuwa amekaa hapo hapo kwenye mkeka ananitazama.

Je, hayo ni maneno yangu? Na kama siyo, nifanye nini?

---

bundala77

Pole dada. Hilo lilikuwa tatizo la zamani. Tangu 2021 sheria imebadilishwa, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, tafsiri hakuna tena. Huyo kijana aongeze hoja moja tu kwenye rufaa kwamba ushahidi ulitafsiriwa vibaya, kesi inafutwa siku hiyo hiyo.

---

Tausi_Ilala

Samahani kuingilia, naona hapa kuna watu wa tafsiri za kisheria. Nina cheti cha ndoa cha Kiswahili, ubalozi unataka kwa Kiingereza na muhuri. Mnachaji shilingi ngapi kwa ukurasa?

---

Karani Mstaafu

Tausi, fungua uzi wako utajibiwa, hapa tunaongelea ushahidi wa mdomo.

ShahidiWaPili, nimekaa na majalada ya mahakama miaka mingi, nikuambie lililotokea bila kumlaumu mtu. Watu wakisikia "mkalimani" wanafikiria mtu aliyesimama kando ya shahidi. Kwenye kesi yako hakuwepo, kwa sababu hakuhitajika: wewe, hakimu, mwendesha mashtaka na mshtakiwa wote mnajua Kiswahili. Lakini kumbukumbu ya kesi ilitakiwa kuandikwa Kiingereza. Kwa hiyo mkalimani alikuwa hakimu mwenyewe, kichwani mwake, huku kalamu inakimbia na wewe unaendelea kusema. Sikio linapokea Kiswahili, mkono unatoa Kiingereza. Mle ukumbini hakuna anayeiona hiyo tafsiri, na kisichoonekana hakipingwi.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Kifungu cha 210 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai (kwa namba tulizozoea) kinasema ushahidi kwa kawaida uandikwe kama masimulizi, siyo swali na jibu. Sasa kumbuka vizuri. Baada ya kusema "kama yule kijana", mwendesha mashtaka hakukuuliza, "Kwa hiyo ulimtambua?"

---

ShahidiWaPili

Shikamoo mzee wangu.

Umenigusa penyewe. Aliniuliza. Nadhani nilijibu "ndiyo". Labda "ndiyo, kama yeye". Sina hakika tena, na hilo ndilo linaniumiza zaidi.

---

Karani Mstaafu

Marahaba mwanangu.

Basi umeona. Swali likishafutwa, "ndiyo" yako haiwezi kusimama peke yake kwenye karatasi. Hakimu anachukua maneno ya muulizaji na kuyaweka kinywani mwako: "Nilimtambua." Neno zito kuliko yote kwenye ushahidi wako hukulileta wewe, ulilikubali tu. Hilo lingetokea hata kama kumbukumbu ingekuwa ya Kiswahili, kwa hiyo bundala77 sheria ya 2021 imeondoa mlango mmoja, siyo yote.

---

Wakili Pwani

Nakubaliana na mzee, nimsahihishe bundala77 mambo mawili ili mtu asipotee. Marekebisho ya 2021 yameacha nafasi ya kutumia Kiingereza pale maslahi ya haki yanapohitaji. Na hoja ya "tafsiri ilikuwa mbaya" haifuti kesi siku hiyo hiyo. Kwenye Halfani Sudi dhidi ya Abieza Chichili, 1998, Mahakama ya Rufani ilisema kumbukumbu ya mahakama ni waraka mzito, haipingwi kirahisi, na inachukuliwa kuwa imeeleza kwa usahihi kilichotokea. Ukisimama na kusema "hakusema hivyo", unashindana na karatasi kwa mdomo mtupu.

Sasa nije kwenye uzito wa hayo maneno mawili, maana mtu asiye kwenye fani anaweza kusema "kama" ni kitu kidogo.

Kesi za usiku za utambuzi wa macho zinaongozwa na Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, 1980. Pale Mahakama ya Rufani ilisema hakuna mahakama inayopaswa kutegemea ushahidi wa aina hii mpaka uwezekano wote wa kumfananisha mtu uwe umeondolewa. Wanaangalia shahidi alimtazama kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, na kama alikuwa anamjua kabla. Shahidi anayesema "nilimwona kama fulani" hajavuka hata kizingiti, anasema amefananisha. Anayesema "nilimtambua, ni jirani" amevuka na ana faida ya ziada, kwa sababu kumtambua unayemjua huaminika kuliko kumwona mgeni. Neno moja limehamisha shahidi kutoka upande mmoja wa kesi hadi mwingine.

---

mgosi_wa_lushoto

Mimi niwe mkweli. Dada anasema ni 2019. Leo anakumbuka "kama" baada ya kuona machozi ya mama wa watu. Hakimu aliandika siku ile ile, dakika ile ile. Kati ya wawili hao nimwamini nani? Na mwenye nyumba aliyekatwa panga naye ana mama.

---

ShahidiWaPili

Una haki kuuliza kaka. Nimejiuliza hilo kabla yako. Kibatari nakikumbuka bila shaka kwa sababu umeme wa LUKU ulikuwa umeisha na nilikiwasha mwenyewe. "Kama" nakumbuka kwa sababu ndivyo nilivyomwambia polisi usiku ule, na ndivyo nilivyokuwa nimepanga kusema.

---

Mkalimani Kisumu

Hamjambo majirani. Mimi ni karani mkalimani Kenya, hii kazi ndiyo ninaifanya kila siku. Kwetu hakimu anaandika Kiingereza, shahidi anasema Kiswahili, Kiluo au chochote, mimi niko katikati. Katiba yetu ibara ya 50 inampa mshtakiwa mkalimani bila malipo iwapo haelewi lugha ya kesi. Lakini kuwa na mkalimani si kuwa na tafsiri safi. Nitawapa langu.

Mama mmoja alisema, "Niliona mtu anatoka, akakimbia kuelekea mtoni." Nikatafsiri. Kiingereza kilinidai kiwakilishi na nikatoa kile cha kiume, bila kufikiri. Kiswahili hakina mke wala mume kwenye "a-" ya "akakimbia". Mama hakuwa amesema ni mwanamume. Washtakiwa walikuwa wawili, mume na mke. Bahati nzuri wakili wa utetezi alikuwa mtu wa Pwani, akasikia, akasimama. Hakimu alinirudisha nimuulize upya, na mama akasema, "Sikujua, nilimwona mgongo, amejifunika leso." Nisingerudishwa, kumbukumbu ingemwondoa mke na kumwacha mume peke yake mtoni.

Tangu siku hiyo neno likiwa na milango miwili sichagui mlango. Nasema, "Mheshimiwa, mkalimani anaomba kumuuliza shahidi ufafanuzi." Nasema "mkalimani", sisemi "mimi", kwa sababu nikisema "mimi" inaandikwa kana kwamba shahidi ndiye anayeomba. "Kama" ni neno la hivyo. "Nilimwona kama yeye" inaweza kuwa alifanana naye, inaweza kuwa nilidhani ni yeye, na kuna watu wanaitupia tu kwenye maneno wakiwa na uhakika kabisa, heshima ya kuongea mbele za watu. Ni shahidi tu anayejua. Ukimwamulia, umetoa ushahidi wewe.

---

bundala77

Na saa je? Mimi nimewahi kuona saa tatu usiku imeandikwa saa tisa.

---

Mkalimani Kisumu

Ipo, ila hiyo ni nyepesi kukamatwa. Kosa la saa sita likiingia, hadithi yenyewe inakataa: mtu hawezi kuwa anakula chakula cha jioni saa tisa usiku. "Kama" ikianguka hakuna kinacholia. Sentensi iliyobaki inasomeka vizuri kuliko ya kwanza. Hapo ndipo ninapoogopa.

---

Mzee wa Sekei

Nimesoma hapa nikakumbuka Arusha ya miaka ile, mahakama ya kimbari ya Rwanda pale AICC. Wale walikuwa na wakalimani kamili, vibanda, vipokea sauti, na bado walihangaika. Shahidi anasema Kinyarwanda, inapelekwa Kifaransa, kutoka Kifaransa ndipo Kiingereza. Neno linavuka mito miwili.

Hukumu ya Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, ilitoka tarehe 2 Septemba 1998. Kabla majaji hawajaanza kupima ushahidi walitenga sehemu nzima kuzungumzia lugha. Mashahidi wanawake walikuwa wametumia maneno manne tofauti, gusambanya, kurungora, kuryamana na gufata ku ngufu, na kwenye Kiingereza yote yalikuwa yametoka kama kubaka. Sasa kuryamana ni kulala kitanda kimoja au kujamiiana tu, na gufata ku ngufu ni kuchukua kitu kwa nguvu, chochote kile, ingawa pia hutumika kwa kubaka. Utetezi ungeweza kusema mkalimani ndiye aliyeleta kubaka, shahidi hakusema. Majaji waliwaita wakalimani wao rasmi wakaeleza kila neno lina maana gani na katika mazingira gani, kisha wakaandika maneno yale ya Kinyarwanda ndani ya hukumu yenyewe, waziwazi. Wakasema maana inategemea neno lilipokaa, wakaonyesha mfano wa kamusi ambapo kurungora, neno la kawaida la kujamiiana, limetafsiriwa kubaka kwa sababu sentensi yenyewe inasema mwanamke alikutana na vijana watatu wakampora.

Lingine linamhusu huyu binti. Walimsikiliza mtaalamu wa isimu, Mathias Ruzindana, akaeleza kwamba watu wengi waliokulia kwenye simulizi za mdomo hueleza jambo kama walivyolipata, awe ameliona au amesimuliwa. Ukimuuliza moja kwa moja atakutenganishia. Usipouliza, kwenye karatasi anakuwa shahidi wa macho. Majaji hawakumwita mtu kama huyo mwongo. Waliona kazi ya kuuliza ni ya mahakama.

---

Wakili Pwani

Asante mzee, hilo la kuacha neno la asili ndani ya maandishi ndilo ningetamani hata kwetu. Wapo mahakimu wanaoandika Kiingereza halafu wanaweka "kibatari" kama kilivyo, ndani ya alama za kunukuu. Herufi nane tu, na zinaokoa kesi.

Kwa nini nasema hivyo. Kwenye Issa Mgara dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ilikataa shahidi aseme tu kulikuwa na mwanga. Ilisema taa hutofautiana, na mwanga wa kibatari haulinganishwi na wa karabai au taa ya mirija. Lazima ielezwe mwanga ulikuwa mkali kiasi gani na uliangaza eneo gani. Sasa tazama lililofanywa na tafsiri ya ushahidi wako, dada. Kitenzi imekipa nguvu, "kufananisha" kumekuwa "kutambua". Lakini mwanga imeupunguzia maelezo, kibatari kimekuwa "taa" isiyo na jina, isiyo na umbali. Kosa la kwanza limemfunga kijana. La pili linaweza kumtoa, kwa sababu kumbukumbu kama ilivyo haitoshelezi kipimo cha Issa Mgara. Mimi ningekuwa natetea, ningesimama hapo kwanza: sihitaji kuipinga karatasi, naisoma tu kama ilivyo.

Mgosi, usidhani hili linawasaidia washtakiwa tu. Nimeshuhudia kinyume chake. Mama aliyemwona jambazi kwa karabai, hatua tatu, dakika kumi, na kumbukumbu ikasema "kulikuwa na taa". Rufaa ikakubaliwa.

---

mgosi_wa_lushoto

Hapo nimekuelewa wakili. Lakini bado huyo kijana anaweza kuwa ndiye.

---

Wakili Pwani

Anaweza kabisa.

---

ShahidiWaPili

Mimi pia sijui kama ndiye au siye. Ndiyo maana nilisema "kama".

Naomba mniambie hatua. Niende kwa hakimu? Niandike barua Mahakama Kuu?

---

Karani Mstaafu

Usiende kwa hakimu na usiandike barua. Shahidi anayejitokeza baada ya hukumu kubadili maneno hutazamwa kwa jicho baya, wanauliza amepewa nini na ndugu wa mfungwa. Anza na karatasi, kwa mpangilio huu.

Mlichosoma ni nakala iliyochapwa. Hakimu aliandika kwa mkono, mpiga chapa akachapa, wakati mwingine miezi mingi baadaye, mwandiko wenyewe tuusemeje. Nimeshaona mstari mzima umerukwa. Jalada halisi lipo. Kijana kupitia wakili wake aombe kulikagua, walinganishe ukurasa wako neno kwa neno. Kosa la chapa ni jepesi kurekebishwa kuliko kosa la tafsiri, kwa sababu ushahidi wake uko palepale kwenye mwandiko.

Pili, maelezo yako ya polisi. Hayo huandikwa Kiswahili na ukayatia sahihi. Je, yalitolewa mahakamani kuwa kielelezo?

---

ShahidiWaPili

Hapana. Kijana hakuwa na wakili, aliniuliza maswali mwenyewe. Aliniuliza swali moja tu: "Wewe unanichukia?"

---

Wakili Pwani

Hapo ndipo wakili angehitajika. Angeomba maelezo yako ya polisi, akusomee "kama yule kijana", akuulize mbona leo unasema umemtambua, kisha ayatoe yawe kielelezo. Sasa hivi hayamo kwenye kumbukumbu, na kisichomo majaji hawakioni. Mahakama Kuu ina mamlaka ya kupokea ushahidi wa ziada kwenye rufaa, kifungu cha 369, ila hutumika mara chache na lazima sababu ielezwe. Wakili wa rufaa akitaka hati ya kiapo kutoka kwako, wewe mweleze ukweli wote, pamoja na kwamba hukumbuki ulijibu "ndiyo" tupu au vinginevyo. Usiupambe.

Na kuna haki ambayo ulikuwa nayo siku ile. Kifungu hicho hicho cha 210, kijifungu cha 3, kinamtaka hakimu akueleze kwamba unaweza kuomba usomewe ulichokisema, na ukiwa na la kusema juu yake aliandike. Mahakama ya Rufani imeshasema haki hiyo ni ya shahidi, siyo ya mshtakiwa, kwa hiyo kijana akiililia kwenye rufaa hafiki mbali. Ulisomewa?

---

ShahidiWaPili

Sikusomewa. Nilipomaliza niliambiwa "asante, unaweza kwenda". Mwanangu anasema chini ya ushahidi wangu kuna mstari unaosema kifungu hicho kimezingatiwa.

---

Karani Mstaafu

Mstari huo huwekwa chini ya kila shahidi. Nimeuchapa mwenyewe mara nyingi mno, na leo nasikitika, kwa kuwa sikuwahi kujiuliza kama kilichoandikwa kilifanyika. Hata ungesomewa, angekusomea kwa lugha gani? Angekitafsiri tena kwa Kiswahili, na "kutambua" ingekupita kama neno la kawaida tu. Shahidi hajui kwamba kwa mwanasheria hilo neno ni zito.

---

Mkalimani Kisumu

Kwa wanaosoma hapa na wameitwa ushahidi wiki hii: ukiulizwa "kwa hiyo ulimtambua?" usijibu "ndiyo" wala "hapana". Rudia sentensi yako yote. "Niliona mtu anayefanana naye, kwa kibatari, uso sikuuona vizuri." Sentensi kamili ni ngumu kuimeza. Na taja taa kwa jina lake, na umbali kwa kitu kilichomo ukumbini, "kutoka hapa hadi kwenye ile dawati". Hakimu atalazimika kukadiria mita na kuandika.

---

ShahidiWaPili (wiki tano baadaye)

Nimerudi. Mama yake alipata wakili wa msaada wa kisheria, wakakagua jalada. Kwenye mwandiko wa hakimu imeandikwa "taa ndogo". Neno "ndogo" liliachwa kwenye kuchapa. "Kama" haipo hata kwenye mwandiko.

Wakili amesema "ndogo" ataiombea marekebisho ya kumbukumbu, na hoja ya mwanga ataiweka ya kwanza. Kuhusu "kama" hajaamua. Amenichukulia maelezo, nimemweleza kila kitu pamoja na "ndiyo" yangu, amesema atafikiria kama kiapo changu kitamsaidia mteja wake au kitafanya rufaa nzima ionekane imepangwa. Tarehe ya kusikilizwa bado.

---

Wakili Pwani

Yuko sawa kusita. Mimi nisingeweka kiapo.

---

Mzee wa Sekei

Mimi ningeweka. Hakuna mwingine aliye hai anayejua alichokiona mlangoni usiku ule.

---

Karani Mstaafu

ShahidiWaPili, muulize huyo wakili kama jalada la polisi bado lina maelezo yako. Majalada ya 2019 mengine yameanza kuhamishwa. Aliulizie mapema, kabla ya tarehe.